Barakoa Inayoishia Kwenye Nyusi

Mwigizaji mkuu anapotakiwa kuruka ukuta, mara nyingi anayeruka ni mtu mwingine aliyekubali kazi hiyo, kisha kompyuta inabandika uso wa mwigizaji juu ya uso wake. Kazi ikifanywa haraka, macho na mdomo huonekana sawa, lakini juu ya nyusi hujitokeza mstari. Chini yake ngozi ni ya mtu mmoja, juu yake ni ya mwingine, na nyusi zikipanda paji la uso halikunjamani.

Chanzo chake kiko kwenye alama za uso. Programu nyingi hutumia mpangilio wa alama 68, uliosambaa kupitia mkusanyiko wa picha wa 300-W wa mwaka 2013 na baadaye maktaba ya `dlib`. Alama zinahesabiwa kuanzia 0: 0 hadi 16 ni taya, 17 hadi 26 ni nyusi, kisha pua, macho na mdomo. Paji la uso halina hata moja. Ncha ya jicho au pembe ya mdomo ni mahali ambapo watu wawili wanaweza kuweka nukta na kukubaliana, lakini paji ni ngozi tupu, na nywele za kila mtu huanzia pake.

Barakoa, yaani eneo la picha litakalobadilishwa, hupatikana kwa kuzungushia alama hizo mstari wa nje, kama kamba iliyovutwa kuzunguka vigingi. Kigingi cha juu kabisa kikiwa nyusi, kamba haina pa kupandia.

Programu ya `faceswap` ina barakoa iitwayo `extended`, ambayo inakisia paji la uso kutokana na alama zilizopo. Kila alama ya nyusi inaoanishwa na nukta iliyo chini yake kwenye jicho au kando ya jicho. Umbali kati ya hizo mbili unapimwa, kisha alama ya nyusi inasogezwa mbele kwa nusu ya umbali huo, kuelekea upande uleule:

```
landmarks[17:22] = top_l + ((top_l - bot_l) // 2)
landmarks[22:27] = top_r + ((top_r - bot_r) // 2)
```

Tuseme alama ya 19 ya nyusi iko kwenye x 184 na y 170, na mwenzake wa jichoni, alama ya 37, yuko x 190 na y 210. Katika picha, y huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Tofauti ni −6 na −40, nusu yake ni −3 na −20, basi alama mpya inakaa x 181 na y 150. Kwa kuwa hesabu inafuata mstari wa kutoka jicho hadi nyusi, kichwa kikilalia begani barakoa nayo hulala.

Udhaifu unaanzia hapohapo. Kipimo kinategemea nyusi, na nyusi hutembea. Mtu huyo akishangaa na alama ya 19 ikapanda hadi y 158, umbali unakuwa 52, nusu yake 26, na ukingo wa barakoa unafika y 132. Nyusi zimepanda pikseli 12, barakoa imepanda 18, ilhali nywele hazijasogea. Kama zinaanzia y 140, barakoa imeshaingia ndani yake. Kwenye video utaona ukingo wa juu ukipanda na kushuka kila anapokunja uso.

Akiinamisha kichwa, kosa linageuka. Paji linaielekea kamera na kuonekana kubwa zaidi, lakini umbali wa jicho na nyusi unafupika, kwa hiyo barakoa inapungua wakati inapohitajika kuongezeka. Nywele zilizoshuka usoni, kofia na hijabu nazo hazijulikani kwa hesabu hii, na uso mpya utapakwa juu yake.

Kwa picha za namna hiyo, afadhali barakoa inayochorwa na modeli iliyofunzwa kutofautisha ngozi na nywele, pikseli kwa pikseli. Nayo ni nzito zaidi kwa kompyuta, na ukingo wake unaweza kutetemeka kati ya fremu na fremu.

Kabla ya kuchagua, ipake barakoa rangi juu ya video na utazame sehemu tatu: anaposhangaa, anapoinama na anapogeuka pembeni. Fanya hivyo kabla ya kuanza mafunzo. Modeli ikifundishwa kuzingatia tu kilicho ndani ya barakoa fupi, haikujifunza paji la uso, na kurefusha barakoa mwishoni kutaleta ukungu tu juu ya nyusi.