Kometi ya Halley, mbio na kujivuta

Februari 9, 1986, kometi ya Halley ililipita Jua kwa kasi ya kilomita 54.5 kwa sekunde. Desemba 2023 ilikuwa imefika ncha ya pili ya njia yake, mbali kuliko sayari ya Neptuni, na huko ilikuwa ikijivuta: kilomita 0.91 tu kwa sekunde. Kometi haina injini wala breki. Kinachoikimbiza na kuipunguza mwendo ni mvuto wa Jua.

Njia yake ni duaradufu, duara lililorefushwa sana, na Jua halikai katikati bali karibu na ncha moja. Kometi inapolikaribia, umbali ni kilomita milioni 88. Inapofika mbali kabisa, ni kilomita bilioni 5.25.

Kanuni inayotawala mwendo huo ilichapishwa mwaka 1609 na Johannes Kepler, Mjerumani aliyetaabika kwa miaka na vipimo vya Mirihi vilivyoachwa na Tycho Brahe. Tuchukue mstari unaotoka kwenye Jua hadi kwenye sayari. Sayari inaposogea, mstari huo hufagia eneo fulani la anga, na kwa muda ulio sawa eneo hilo huwa sawa daima, sayari iwe karibu au mbali.

Kometi nazo hufuata kanuni hiyo, kwa hiyo Halley inaweza kupimwa kwa siku moja. Ikiwa karibu na Jua, kwa siku husafiri takriban kilomita milioni 4.7. Mstari wake unachora pembetatu pana na fupi: nusu ya milioni 88 mara milioni 4.7, ambayo ni kama kilomita za mraba trilioni 207. Kwenye ncha ya mbali, siku nzima inaisogeza kilomita 79,000 hivi. Pembetatu sasa ni nyembamba mno, lakini ina urefu wa kilomita bilioni 5.25, na eneo lake ni lile lile. Umbali umeongezeka mara 60, kasi imepungua mara 60.

Hesabu hiyo nyepesi, umbali mara kasi, inafaa kulinganisha ncha hizi mbili tu. Hapo ndipo kometi hukata mstari wake kwa pembe mraba. Kwingineko hupita kimshazari, na anayeitumia bila kujali pembe hupata jibu la uongo.

Dunia nayo hufanya hivyo, kwa kiasi kidogo. Mwanzoni mwa Januari iko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua na huenda kilomita 30.29 kwa sekunde; mwanzoni mwa Julai, ikiwa umbali wa milioni 152.1, huenda kilomita 29.29.

Halley hukaa karibu na Jua kuliko Dunia kwa takriban miezi miwili na nusu tu katika mzunguko wa miaka kama 76. Muda mwingi uliobaki huupitisha kwenye giza la mbali, ambako sasa imeshageuka na inaongeza mwendo kidogo kidogo. Italipita Jua tena Julai 2061.