Mshahara wa Parkdale kwenye mizani ya hamsini, thelathini, ishirini

Kanuni ya 50/30/20 hugawa kipato cha mwezi mafungu matatu. Asilimia 50 ni ya mahitaji ya lazima, asilimia 30 ni ya matakwa, yaani mambo ambayo mtu anayapenda lakini anaweza kuishi bila hayo, na asilimia 20 ni ya akiba na kupunguza madeni. Walioieneza ni Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard, na binti yake Amelia Warren Tyagi, katika kitabu chao *All Your Worth* cha mwaka 2005. Kanuni hiyo haimpangii mtu anunue nini. Inamtaka ajue, katika kila dola 100 zinazoingia mkononi, ni ngapi zilikuwa na mwenyewe hata kabla hazijafika.

Parkdale, mtaa wa magharibi mwa katikati ya Toronto, ni mahali ambapo jibu la swali hilo hubadilika mlango kwa mlango. Katika majengo marefu ya Jameson Avenue, wapangaji wawili wenye mshahara sawa na vyumba vinavyofanana wanaweza kulipa kodi za nyumba zilizopishana kwa mamia ya dola, kwa sababu tu mmoja alihamia miaka mingi kabla ya mwenzake. Mfano unaofuata ni wa kutungwa, lakini hesabu zake ndizo zinazomkuta mfanyakazi wa kawaida wa huko. Ni mhudumu wa wazee anayetoka Tanga, anayeishi peke yake kwenye studio, na anayemlipia mdogo wake ada ya shule nyumbani.

Kipato kwanza

Hesabu yote inasimama juu ya namba moja, na hiyo ndiyo inayokosewa zaidi. Mhudumu huyu analipwa dola 22 kwa saa, saa 37.5 kwa wiki, na mshahara huingia kila baada ya wiki mbili. Kwenye hati yake ya mshahara kuna dola 1,650 kabla ya makato. Zikitoka kodi ya mapato, mchango wa mfuko wa pensheni wa Kanada na wa bima ya ajira, zinaingia benki takriban dola 1,350. Namba ya kutumia ni hii ya pili, maana ndiyo anayoweza kuipanga.

Watu wengi hapo huzidisha kwa mbili na kuandika 2,700. Lakini mwaka una wiki 52, kwa hiyo malipo ni 26 wala si 24. Njia sahihi ni kuzidisha 1,350 kwa 26, kupata 35,100, kisha kugawa kwa 12. Kipato cha mwezi ni dola 2,925. Tofauti ni dola 225 kila mwezi, nazo hazionekani katika miezi kumi ya mwaka. Hutokea zote kwa pamoja katika ile miezi miwili yenye malipo matatu.

Kwa dola 2,925, kanuni inatoa vipimo hivi: mahitaji 1,462.50, matakwa 877.50, akiba na madeni 585.

Kila tumizi na fungu lake

Hatua ya pili ni kuchukua taarifa za benki na za kadi ya mkopo za miezi mitatu, kutafuta wastani wa kila tumizi, na kuliweka kwenye fungu lake. Miezi mitatu inatosha kufanya mwezi wa harusi au wa koti jipya la baridi usipotoshe picha nzima.

Mahitaji ya mhudumu huyu ni haya: kodi ya nyumba 1,300, ikiwa na joto na maji ndani yake, umeme 45, bima ya mpangaji 25, simu 40, intaneti 50, pasi ya mwezi ya mabasi, tramu na treni 156, chakula cha nyumbani 380, na malipo ya chini kabisa ya kadi ya mkopo, 50. Malipo hayo ya kadi yamewekwa hapa kwa sababu yakikosekana adhabu hufuata. Kinacholipwa zaidi ya hapo ndicho kinachopunguza deni, na hicho huhesabiwa kwenye lile fungu la asilimia 20. Jumla ya mahitaji ni dola 2,046.

Inabaki pesa ya nyumbani, dola 200 za ada. Bajeti zilizochapishwa Amerika Kaskazini mara nyingi hazina mstari wa pesa hii, na mtu huishia kuitupa kwenye matakwa kana kwamba ni zawadi. Kipimo kizuri ni kuuliza nini kitatokea isipotumwa mwezi huu. Ikiwa mtoto atarudishwa nyumbani kutoka shuleni, ni hitaji kama kodi ya nyumba. Ikiwa ni mchango wa harusi ya binamu, ni jambo la heshima na huenda haliepukiki kirahisi, lakini kiasi chake na wakati wake viko mikononi mwa mtoaji, kwa hiyo ni matakwa. Ada ikiingizwa, mahitaji yanafika dola 2,246.

Matakwa yake, yaani kula nje, nguo, filamu za mtandaoni na michango, ni dola 350. Kwenye akiba na madeni kuna 220: dola 100 za kupunguza deni la kadi, na 120 za mchezo anaocheza na wenzake. Mchezo unahesabiwa kuwa akiba kwa sharti kwamba zamu yake ikifika, pesa inakwenda kwenye akaunti. Ikiwa huishia kwenye simu mpya, basi ilikuwa matakwa yaliyolipiwa kidogo kidogo.

Asilimia zinasema nini

Ili kupata sehemu ya kila fungu, gawa fungu kwa kipato kisha zidisha kwa 100. Mahitaji, 2,246 kwa 2,925, ni asilimia 76.8. Matakwa ni 12.0. Akiba na madeni ni 7.5. Jumla inakuja 96.3, na hapo mizani inatoa habari yake ya kwanza. Mafungu yakijumlishwa lazima yafike 100. Asilimia 3.7 iliyokosekana ni dola 109 zilizotoka bila kuandikwa popote.

Habari ya pili iko kwenye deni la kadi, ambalo halishuki ingawa analipa. Katika mwezi wa malipo mawili zinaingia 2,700, lakini matumizi, pamoja na hizo 109, ni 2,925. Pengo la dola 225 hubebwa na kadi. Mwezi wa malipo matatu ukifika, pesa huonekana nyingi na hutumika, na deni la miezi iliyopita hubaki pale pale. Dawa yake ni kulitenga lile lipo la tatu kwenye akaunti ya pembeni na kuchota humo dola 225 kila mwezi. Hesabu inafunga kamili: malipo mawili ya ziada ni 2,700 kwa mwaka, sawa na 225 mara 12.

Habari ya tatu ndiyo nzito. Kodi ya nyumba peke yake ni asilimia 44.4 ya kipato. Ukiongeza pasi ya usafiri zinakuwa dola 1,456. Fungu zima la mahitaji kwa mujibu wa kanuni ni 1,462.50. Baada ya paa na usafiri, kanuni inamwachia dola 6.50 za chakula, umeme, simu na ada kwa mwezi mzima. Upande wa pili, kwenye matakwa anatumia 350 mahali ambapo kanuni ingemruhusu 877.50. Anayemwambia mtu huyu apunguze starehe hajasoma namba zake.

Haifuati kwamba kipimo cha nusu hakina maana kwake. Nusu inapima kama mtu ataweza kusimama siku kipato kikikatika. Bima ya ajira ya Kanada hulipa asilimia 55 ya wastani wa mapato ya wiki, na kwa mwaka 2025 haikuzidi dola 695 kwa wiki. Kwa mhudumu huyu anayepata 825 kwa wiki kabla ya makato, hiyo ni dola 453.75, au karibu 1,966 kwa mwezi, nazo bado hukatwa kodi ya mapato. Mahitaji yake ni 2,246. Akipoteza kazi, hata akiacha matakwa yote, atapungukiwa na dola 280 au zaidi kila mwezi. Kwa hiyo namba ya kwanza anayohitaji kwenye akiba ni ya kuziba pengo hilo kwa miezi kadhaa.

Nini kinaweza kusogea

Usafiri unasogea kidogo sana. Kwa nauli za 2025, safari moja ilikuwa dola 3.30, na pasi ya 156 ililipa kuanzia safari ya 48. Anayekwenda kazini na kurudi tu hufanya safari 43 hivi kwa mwezi, sawa na 141.90. Faida ni dola 14, chini ya nusu ya asilimia moja ya kipato.

Kodi ya nyumba ina namba kubwa, lakini kuhama ndiko kunakoweza kumgharimu zaidi. Ontario huweka kila mwaka kiwango cha juu cha kupandisha kodi kwa mpangaji aliyemo ndani. Mwaka 2025 kilikuwa asilimia 2.5. Kodi hupandishwa mara moja tu kwa miezi 12, na notisi ya maandishi hutolewa siku 90 kabla. Kwake ni ongezeko la dola 32.50. Akitoka, mwenye nyumba yuko huru kumtoza anayeingia bei yoyote, na nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya Novemba 15, 2018 hazilindwi na kiwango hicho. Tuseme studio kama hiyo inapatikana kwa 1,700: mahitaji yake yangepanda hadi asilimia 90.5. Mwenye nyumba anaweza pia kuomba nyongeza iliyo juu ya kiwango kwa ajili ya matengenezo makubwa. Nyongeza za namna hiyo ndizo zilizowafanya mamia ya wapangaji wa majengo ya kampuni ya MetCap mtaani Parkdale kugoma kulipa kodi kuanzia Mei 1, 2017, hadi wakafikia makubaliano mwezi Agosti. Kwa hiyo kwenye bajeti hii mkataba wa zamani wa nyumba ni wa kulindwa.

Yanayobaki ni mambo matatu. Zile dola 109 zikikamatwa na kupelekwa kwenye deni na akiba, fungu hilo linatoka asilimia 7.5 na kufika 11.2 bila kugusa kitu kingine. Deni la kadi likiisha na mdogo wake akimaliza shule, mahitaji yanashuka hadi dola 1,996, asilimia 68.2. Na kipato kikiongezeka huku kodi ikibaki ndani ya kiwango, sehemu ya mahitaji hushuka yenyewe. Ili mahitaji ya sasa yawe nusu kamili, angehitaji dola 4,492 mkononi kila mwezi, namba ambayo hakuna kubana matumizi kunakoweza kuizalisha.

Hesabu hurudiwa notisi ya kodi inapokuja, saa za kazi zinapobadilika, au mstari mmoja wa mahitaji unapofutika. Kwa mshahara kama huu lengo la karibu ni sehemu ya mahitaji iwe inashuka kutoka hesabu moja hadi nyingine, na mafungu yote yakijumlishwa yafike 100.