Kilo ya Samaki, Kilo ya Barafu

Katika masoko ya Nairobi, ngege wa Uchina aliyegandishwa huuzwa kwa bei ya chini kuliko ngege wa Ziwa Viktoria, wale wanaoitwa sato huko Mwanza. Mnunuzi hulinganisha bei ya kilo na kuamua papo hapo. Lakini kilo hizo mbili hazina kitu kimoja ndani yake.

Samaki akishagandishwa kiwandani, huchovywa au kunyunyiziwa maji baridi ili avikwe ganda jembamba la barafu. Hilo si hila. Hewa ya friza ni kavu na hunyonya maji, na ganda hilo hutangulia kuliwa na ukavu badala ya nyama. Hila huanza ganda linapofanywa nene kupita haja, kisha likapimwa pamoja na samaki.

Kulijua ni rahisi. Pima samaki akiwa bado mgumu, mpitishe kwenye maji baridi ya bomba mpaka barafu ya juu iishe, ila asianze kulainika. Mpanguse upesi, mpime tena. Kilo moja ikibaki gramu 900, ganda ni la kawaida. Ikibaki 700, umelipia maji.

Tuchukue bei za mfano. Aliyegandishwa, aliyekwisha kutolewa utumbo, ni shilingi 400 kwa kilo. Mbichi ni 480. Mbichi akiparuliwa magamba na kutolewa utumbo na matamvua, tuseme hubaki gramu 850. Kichwa na mifupa vikichukua nusu, unakula gramu 425, yaani karibu shilingi 1,130 kwa kilo ya nyama. Wa Uchina mwenye ganda la gramu 100 anakupa nyama gramu 450, kwa takriban shilingi 890 kilo. Huyo ni nafuu kweli. Ganda likifika gramu 300, nyama ni gramu 350 na kilo yake inapita 1,140. Unafuu wote umeyeyukia kwenye sinki.

Ganda likikosekana nako kuna hasara. Tazama mkia, mapezi na kingo za tumbo: mabaka meupe yaliyokauka ni nyama iliyoungua kwa baridi. Yakwaruze kwa ukucha. Barafu hutoka, baka hubaki. Haidhuru afya, lakini ukipika huwa kama uzi, na mafuta yaliyochacha huacha ladha mbaya. Baka dogo likate. Likienea mwili mzima, mwache. Mwache pia aliye kwenye mfuko wenye dimbwi la maji yaliyoganda chini, kwani huenda aliyeyuka njiani akagandishwa upya.

Na mbichi asikupate kwa jina tu. Aliyeshinda juani bila barafu, mwenye matamvua ya kahawia na nyama inayobonyea bila kurudi, ni duni kuliko aliyegandishwa vizuri, hata kama amevuliwa Homa Bay.