Je, Wajua? Waliohesabiwa si wote walioambukizwa

Tarehe 3 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema takriban asilimia 3.4 ya wagonjwa wa Uviko-19 walioripotiwa wamefariki. Wengi wakadhani hiyo ndiyo hatari ya kila aliyeambukizwa. Wapi! Waliougua kidogo wakabaki nyumbani hawakuhesabiwa.

Meli ya Diamond Princess, iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, ilifichua pengo hilo. Karibu watu wote 3,711 walipimwa. 712 walikutwa na virusi, takriban nusu wakiwa hawana dalili siku ya kupimwa.

Hata hivyo, hesabu ya mapema hupunja pia. Mwanzoni mwa Machi vifo vya melini vilikuwa 7, kama asilimia 1 ya walioambukizwa. Baadaye vilifika angalau 13, kwani mahututi walikuwa bado wodini. Tena abiria wengi walikuwa wazee, hivyo kiwango hicho hakiwafai vijana.