Je, Wajua? Miezi Mitatu ya Video za Kichocho, Musoma, Bunda na Butiama

Je, wajua kwamba mvuvi wa Ziwa Viktoria anaweza kuwa na kichocho na asione hata tone la damu kwenye mkojo? Kichocho cha ziwani ni cha tumbo: mayai ya minyoo hutoka kwenye kinyesi. Kile cha kukojoa damu hupatikana zaidi kwenye malambo na mabwawa ya bara. Kikundi cha afya kikichukua video ya mtoto anayekojoa damu na kuionyesha mwaloni, mvuvi atajitazama, ataona mkojo wake safi, atajihesabu mzima. Kwa hiyo video ya kwanza ya mpango itaje maumivu ya tumbo, kuharisha na damu kwenye choo, na iseme wazi kwamba wengi hawana dalili yoyote kwa muda mrefu.

Je, wajua kwamba mnyoo huyu hawezi kuruka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine? Yai likiingia majini huanguliwa, kijidudu chake hutafuta konokono, hukua ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha konokono huachia vijidudu vyenye mkia ambavyo hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo mada ya mwezi wa kwanza: kinyesi, konokono, ngozi. Mpiga picha amweke konokono kiganjani mwa mtu aliyevaa glovu. Akionyeshwa mkubwa kioo kizima, watazamaji watatafuta konokono wa ukubwa huo na hawatamwona.

Je, wajua kwamba vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, takribani saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri? Hapa waandishi wa video huteleza. Wakisema “oga alfajiri”, msikilizaji ataelewa kwamba alfajiri ni salama, ilhali hatari hupungua tu, haiishi. Ushauri ulio thabiti zaidi ni wa ndoo: maji ya ziwa yasiyo na konokono, yakifunikwa na kukaa siku mbili, vijidudu vyake huwa vimekufa, nayo yanafaa kuogea. Kunywa ni habari nyingine, hayo yachemshwe.

Je, wajua kwamba kalenda ya video za wavuvi wa dagaa iko angani? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Miezi mitatu ina mbalamwezi tatu, basi weka maonyesho matatu makubwa ya mwaloni kwenye siku hizo. Ukipeleka jenereta na turubai wakati wa giza, utakuta wanawake na watoto, na wale wanaoshinda majini kuliko wote wako kazini.

Je, wajua kwamba mada moja huhitaji video tatu za maumbo tofauti? Ya simu iwe ya wima, isizidi dakika moja, nyepesi ili isimalize bando la mtu, na jambo kuu lisemwe ndani ya sekunde tano za mwanzo. Ya mwaloni au kibanda umiza iwe ya mlalo, dakika nane hivi, na isimame katikati ili watu waulize maswali. Ya tatu ni sauti peke yake, kwa redio na kwa wanaosambaziana kwa memori kadi. Picha zikishapigwa, badilisha sauti tu: Kiswahili kwa wote, kisha Kijita na Kikwaya kwa Musoma na mwambao wa Bunda, na Kizanaki kwa Butiama.

Je, wajua kwamba njia hiyo ya sauti ni ya zamani nchini kwetu? Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, milimani Usambara, ulitengeneza filamu, mojawapo kuhusu minyoo ya safura, na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa lori. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri, hivyo picha zilezile ziliweza kusikika kwa lugha mbalimbali.

Je, wajua kwamba video ya mwezi wa pili haifai kutoka kabla ya kuuliza stoo ya dawa? Mada yake ni prazikwanteli, dawa inayomezwa kwa kipimo cha uzito wa mtu. Mtu akishawishika, akapanda bodaboda, akafika zahanati na kuambiwa dawa hakuna, atawasimulia wenzake, na masimulizi yake yatafika mbali kuliko video. Kwanza zungumzeni na mganga mkuu wa wilaya na waganga wafawidhi: zahanati ipi inapima, ipi ina dawa, siku zipi. Video itaje hizo tu.

Je, wajua kwamba kizunguzungu na tumbo kuuma baada ya dawa ndivyo huwafukuza watu zaidi? Madhara hayo kwa kawaida ni mepesi, hupita ndani ya muda mfupi, na hupungua mtu akila kabla ya kumeza. Video iyataje waziwazi. Iseme pia kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa, si michanga, na haimkingi mtu akirudi majini. Asiyeambiwa hayo akiugua tena atasema dawa ni feki.

Je, wajua kwamba miezi mitatu haitoshi kuonyesha kichocho kimepungua? Tangu kupenya ngozi hadi mnyoo kutaga mayai hupita wiki tano au zaidi, na mnyoo mzima huishi miaka. Kikundi kikiahidi wafadhili kupunguza ugonjwa ndani ya muda huo, kimeahidi kisichopimika. Kinachopimika ni waliokuja kupima. Mganga mfawidhi akikubali, kila anayekuja kwa kichocho aulizwe swali moja, “Umesikia wapi?”, na jibu lipigwe alama kwenye daftari, kuanzia wiki nne kabla ya video ya dawa.

Je, wajua kwamba Butiama ikisubiri, Bunda itaeleweka? Onyesheni video ya dawa Musoma na Bunda mwezi wa pili, na Butiama mwezi wa tatu. Tuseme waliokuja Bunda walikuwa 30 kwa wiki nne, wakafika 60; Butiama, ambako haijaonyeshwa, walitoka 28 hadi 40. Bunda imeongeza 30, lakini Butiama 12 wameongezeka hata pasipo video. Wanaobaki, kama 18, ndio wa kuanza kudai. Tahadhari mbili: video za WhatsApp huvuka mipaka ya wilaya, na kampeni ya kinga tiba ikiangukia upande mmoja, ulinganisho umeharibika.

Je, wajua kwamba watazamaji wengi na daftari tupu ni jibu, si fumbo? Mwezi wa tatu linganisheni namba tatu: waliofungua, waliotazama hadi mwisho, waliofika zahanati. Wakiachia njiani, kateni video upya. Wakimaliza na wasifike, msitengeneze nyingine. Nendeni mwaloni mkaulize kuhusu nauli, saa za zahanati na foleni. Mvuvi anayelala mchana baada ya kuvua usiku kucha huenda anahitaji upimaji uje mwaloni wakati wa mbalamwezi, na hilo hupangwa na mganga wa wilaya, si na kamera.