Kutoka ujumbe wa simu hadi barua ya kuacha kazi

Karani anayelipwa kwa mwezi jijini Dar es Salaam amemtumia meneja ujumbe wa WhatsApp Ijumaa usiku, tarehe 6: “Bosi, naacha kazi. Kesho siji.” Asiufute, meneja keshausoma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi, yenye sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza kazini, notisi haipungui siku 28. Mkataba unaweza kutaka zaidi.

Jumatatu, basi, aandike barua ya tarehe 9, asiirudishe nyuma hadi tarehe 6, kwani simu inaonyesha kilichotumwa siku ile. Aanze hivi: “Narejea ujumbe wangu wa tarehe 6. Barua hii ndiyo notisi yangu rasmi ya siku 28.” Sababu imtoshe sentensi moja: “Nahamia Mwanza kuishi na familia.” Kisha ataje siku ya mwisho na atakayemkabidhi vitabu vya hesabu.

Achapishe nakala mbili. Ya kwake isainiwe na mpokeaji, pamoja na tarehe.