Kofia Chini ya Miti

Picha ya kwanza ya filamu The Prestige ni kofia ndefu nyeusi zilizotapakaa msituni. Hakuna mtu. Sauti ya mwanamume inauliza kama tunatazama kwa makini, kisha hadithi inaanza. Nilipoitazama mara ya kwanza nilidhani kofia zile ni pambo tu. Mara ya pili niliisimamisha filamu papo hapo, kwa kuwa nilikwisha kujua zilifikaje pale.

Christopher Nolan aliitoa filamu hii mwaka 2006, akiitegemeza kwenye riwaya ya Christopher Priest ya mwaka 1995. Tuko London, karne ya 19 inaelekea ukingoni. Angier (Hugh Jackman) na Borden (Christian Bale) ni wafanya mazingaombwe waliowahi kufanya kazi pamoja. Kifo kinatokea jukwaani, urafiki unageuka uadui, na kila mmoja anaanza kuiwinda siri ya mwenzake. Yanayofuata siyasemi.

Kinachomchosha mtazamaji mgeni ni wakati. Borden yuko gerezani akisoma shajara ya Angier, na ndani ya shajara hiyo Angier naye anasoma daftari la Borden. Hadithi inaruka huku na huko bila kutangaza mwaka. Itazame miguu ya Angier: akiwa anachechemea, ujue tumeshapita tukio fulani la katikati. Alama hiyo inatosha kukuzuia usipotee.

Ukirudi mara ya pili, wakati hautakusumbua tena, na hapo ndipo utamu ulipo. Kila daftari linapofunguliwa, jiulize limeandikwa ili lisomwe na nani. Kisha acha kumfuata anayezungumza, mtazame anayesikiliza. Sentensi ulizozichukua kuwa maneno ya kawaida ya nyumbani au ya kazini zina maana mbili, na waigizaji wamezibeba zote mbili bila kukonyeza.

Kwangu hicho ndicho kipimo cha mwisho wa kushtukiza. Filamu ikikuficha jambo ambalo haikuwahi kulionyesha, ukiirudia hupati kitu. Hii imelionyesha. Wapo wasiopenda jinsi Nikola Tesla, anayeigizwa na David Bowie, anavyoingizwa katika kisa cha mazingaombwe. Nawaelewa, ila Tesla hakuchomolewa dakika za mwisho kuja kuiokoa hadithi. Jina lake linatajwa mapema.

Mpenzi wa sinema za Kihindi aitafute Kahaani ya Sujoy Ghosh, ya mwaka 2012. Vidya Balan ni mjamzito anayetoka London kwenda Kolkata kumtafuta mumewe, msimu wa sikukuu ya Durga Puja. Nayo irudie ukiwa umeshajua mwisho.

The Prestige ina dakika 130. Usisome habari zake popote kwanza. Ukishaimaliza, irudie kabla wiki haijaisha, pamoja na mtu ambaye hajaiona, na tafadhali usimharibie uhondo.